Ndoa iliyofungwa ugenini: inatambuliwaje nyumbani, na inathibitishwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tulifunga ndoa tukiwa nje ya nchi. Tukirudi, tunahesabiwa kuwa mume na mke au tuanze upya?

Kwa kawaida mnahesabiwa kuwa mume na mke tangu siku ile ile mliyofunga ndoa. Hamhitaji kufunga tena, na mara nyingi kufunga tena ni kosa, kwa sababu mtajikuta na vyeti viwili vyenye tarehe mbili na kila ofisi itawauliza kipi ndicho.

Ofisa anayepima ndoa ya ugenini huangalia mambo mawili, na kila moja lina sheria yake. La kwanza ni namna ndoa ilivyofungwa: nani aliwafungisha, mashahidi walikuwa wangapi, tangazo lilibandikwa siku ngapi. Hayo hupimwa kwa sheria ya mahali ndoa ilipofungiwa. Sheria ya huko ikitosheka na shahidi mmoja, nyumbani hawawezi kuikataa ndoa kwa kuwa wao hudai wawili.

La pili ni uwezo wa kila mmoja wenu kuoa au kuolewa: umri, undugu wa damu, kutokuwa ndani ya ndoa nyingine, na hiari. Hapa nchi nyingi hurudi kwenye sheria ya uraia wako au ya maskani yako ya kudumu, hata kama ulifunga ndoa mbali. Ndiyo maana ndoa ya binamu wawili, halali kabisa kule ilikofungwa, inaweza kukwama katika nchi ambako sheria ya nyumbani inaihesabu kuwa ya ndugu wa karibu mno.

Juu ya hayo mawili kuna kizuizi kimoja kinachoitwa maslahi ya umma. Nchi inaweza kukataa ndoa inayopingana na misingi yake, kama ndoa ya mtoto, ya kulazimishwa, au ya mtu ambaye tayari ana mke au mume. Ndoa za wake wengi na za watu wa jinsia moja huangukia hapa katika nchi nyingi. Wakati mwingine nchi huitambua ndoa kwa jambo moja, kama mirathi au kibali cha kuishi, na kuikataa kwa jingine. Kwa hiyo usiulize tu kama ndoa yako inatambuliwa. Uliza kama inatambuliwa kwa ajili ya kile unachokiomba.

Upo mkataba mmoja wa kimataifa juu ya jambo hili, Mkataba wa Hague wa mwaka 1978 kuhusu kufunga na kutambua ndoa. Unasema cheti kilichotolewa na mamlaka halali kinaifanya ndoa ichukuliwe kuwa sahihi mpaka atakayeipinga alete ushahidi. Lakini nchi zilizofungwa nao ni 3 tu: Australia, Luksemburgi na Uholanzi. Kwingineko kote unategemea sheria ya ndani ya nchi husika.

Kama ndoa ni halali, kwa nini ofisa amekirudisha cheti chetu?

Kwa sababu ofisa hakuikataa ndoa, alikataa karatasi. Watu wengi huchanganya hapa, halafu wanaanza kubishana kuhusu ndoa wakati tatizo ni muhuri.

Jiweke mezani kwake. Ameletewa karatasi yenye lugha asiyoijua, sahihi ya msajili asiyemfahamu na muhuri ambao hajawahi kuuona. Hana njia ya kujua kama msajili huyo yupo. Anachohitaji ni mtu anayemwamini wa kumwambia kwamba sahihi hii ni ya fulani, na fulani huyo ni msajili kweli. Mlolongo mzima wa apostili, yaani cheti cha kimataifa cha kuthibitisha sahihi na muhuri, wa wizara na wa ubalozi upo kwa ajili ya sentensi hiyo moja. Ukilielewa hilo, utajua mwenyewe kiungo gani kimekosekana pale cheti kinaporudishwa.

Basi ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. "Hakijathibitishwa" maana yake mlolongo wa mihuri umekatika. "Hakilingani" maana yake majina au tarehe. "Si nakala sahihi" maana yake umeleta karatasi isiyo ya rejesta ya serikali. Ni magonjwa matatu yenye dawa tatu tofauti.

Ni cheti kipi hasa kinachotakiwa?

Kile kinachotoka kwenye rejesta ya serikali ya nchi mlikofungia ndoa. Siku ya harusi watu hupewa karatasi nzuri yenye maua pembeni na sahihi za mashahidi, au cheti cha kanisa, au karatasi ya aliyewasomea nikahi. Katika nchi nyingi karatasi hiyo ni kumbukumbu tu. Hati rasmi ni nakala au dondoo inayotolewa baadaye na ofisi ya usajili, yenye namba ya ingizo, jina la ofisi, tarehe ya kutolewa na sahihi ya ofisa.

Pale ambapo kiongozi wa dini ana leseni ya kufungisha ndoa, karatasi yake hupelekwa kwa msajili ndipo ndoa iingie kwenye rejesta. Hapo hutokea ajali ambayo wanandoa hawaioni. Karatasi haikupelekwa, na miaka 4 baadaye wakiomba nakala wanaambiwa hakuna ingizo. Wiki chache baada ya harusi, ombeni nakala rasmi hata kama hamna haja nayo bado. Ikipatikana, mmejua kwamba ndoa imeandikwa. Isipopatikana, aliyewafungisha bado yupo na mashahidi bado wana kumbukumbu.

Kama ofisi inatoa aina mbili, fupi na kamili, chukua kamili. Fupi mara nyingi haina majina ya wazazi wala hali ya ndoa ya awali, na hayo ndiyo yanayoulizwa nyumbani. Chukua nakala 2 au 3 kwa mara moja, kwa kuwa ofisi nyingine hubaki na uliyowapa. Angalia pia umri wa nakala yenyewe. Ofisi nyingi hutaka iliyotolewa ndani ya miezi 3 au 6, si kwa sababu ndoa inaisha muda, bali kwa sababu wanataka kuona kama rejesta imeandikwa talaka au masahihisho baada ya harusi.

Apostili ni nini, na inathibitisha nini?

Ni cheti kidogo cha mraba, chenye pande zisizopungua sentimita 9, kinachogongwa nyuma ya hati au kubandikwa juu yake kwenye karatasi ya ziada. Kilianzishwa na Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na kichwa chake huandikwa kwa Kifaransa popote kinapotolewa. Chini yake kuna mistari 10 yenye namba: nchi, aliyetia sahihi, cheo chake, muhuri wa nani, mahali, tarehe, aliyetoa apostili, namba yake, muhuri na sahihi. Nchi zaidi ya 120 zimo kwenye mkataba huo.

Isome mistari ya pili na ya tatu kwa makini. Hapo panatakiwa pawe na jina la msajili wa ndoa na cheo chake. Ukikuta jina la wakili au mthibitishaji wa hati, ujue apostili imethibitisha sahihi ya wakili aliyegonga "nakala halisi", wala haikumgusa msajili. Ofisi nyingi huikataa, na zina haki, kwa sababu hakuna aliyesema lolote kuhusu cheti chenyewe. Kosa hili hutokea pale mtu anapopeleka fotokopi iliyothibitishwa na wakili badala ya nakala ya msajili.

Apostili haisemi kwamba ndoa ni halali, wala kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli. Inathibitisha sahihi, cheo na muhuri tu. Hutolewa na nchi iliyotoa hati, kamwe si na nchi unayoipeleka. Kama mlifunga ndoa huko na sasa mmerudi, itabidi mtume cheti kirudi huko, au mmpe mtu barua ya idhini awashughulikie.

Jambo moja dogo limewaponza wengi: usiitoe pini. Apostili iliyobandikwa kwenye karatasi ya pili hufungwa kwa pini, riboni au kishikizo cha chuma, na muhuri hugongwa ukivuka ukingo wa karatasi zote mbili. Mtu akiichomoa ili apige fotokopi vizuri, hata akiirudisha, matundu mawili mapya yanaonekana na muhuri hauungani tena. Piga fotokopi ukiwa umeikunja.

Je, kama nchi moja kati ya hizo mbili haimo kwenye mkataba wa apostili?

Hapo unarudi kwenye njia ndefu. Cheti kinatoka kwa msajili, kinakwenda kwa mamlaka iliyo juu yake kama ipo, halafu wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo hiyo, kisha ubalozi wa nchi ya nyumbani ulioko huko. Mara nyingine wizara ya mambo ya nje ya nyumbani hugonga muhuri wa mwisho. Kila ofisi inathibitisha sahihi ya ile iliyotangulia tu, kwa hiyo huwezi kuruka kiungo. Ubalozi una vielelezo vya sahihi za maofisa wa wizara, hauna vya wasajili wa wilayani.

Kabla ya kulipa popote, angalia orodha ya nchi wanachama kwenye tovuti ya hcch.net, na uangalie vitu viwili. Kwanza, tarehe mkataba ulipoanza kufanya kazi, kwa sababu orodha inabadilika: China iliingia tarehe 7 Novemba 2023 na Kanada tarehe 11 Januari 2024, na bado watu wanafuata maelekezo ya zamani waliyoyakuta mahali. Pili, pingamizi. Nchi mwanachama inaweza kupinga mwanachama mpya, na kati ya hizo mbili apostili haifanyi kazi ingawa zote zimo kwenye orodha.

Upo pia msamaha. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 16 Februari 2019, cheti cha ndoa kinachotoka nchi mwanachama kwenda nyingine hakihitaji apostili, na unaweza kuomba fomu ya lugha nyingi iambatane nacho ili kupunguza haja ya tafsiri. Lakini kikitoka nje ya Umoja huo, msamaha haukusaidii.

Tafsiri ifanywe kabla ya mihuri au baada?

Baada, isipokuwa ofisi inayopokea imesema vinginevyo. Ukitafsiri kabla, tafsiri haina maneno ya apostili wala ya mihuri iliyofuata, na ofisa atakuambia kuna sehemu ya hati ambayo hakuielewa. Tafsiri nzuri inachukua kila kitu: mihuri, maandishi ya pembeni, hata "haisomeki" pale wino ulipofifia.

Uliza mapema ni mfasiri wa nchi gani anayekubaliwa. Nchi nyingi hutaka mfasiri aliyeapishwa na mahakama zao wenyewe, kwa hiyo tafsiri uliyolipia ugenini inaweza kuwa hasara tupu. Na kama umefanya tafsiri ugenini na inatakiwa ithibitishwe, kumbuka tafsiri ni hati ya pili. Inahitaji mihuri yake, haiazimi ya cheti.

Tarehe ndizo zinazoleta balaa la kimya kimya. 04/05/2021 ni tarehe 4 Mei mahali pengi, na ni tarehe 5 Aprili Marekani. Mwambie mfasiri aandike jina la mwezi kwa maneno. Na kama cheti kina tarehe ya Hijria au ya kalenda ya Ethiopia, tafsiri iwe na tarehe zote mbili, ile ya kwenye cheti na ile inayolingana nayo, ikisema wazi ni kalenda gani. Akiandika moja tu, siku moja itatokea hati nyingine yenye ile ya pili na mtaonekana mna ndoa mbili.

Majina kwenye cheti cha ndoa hayalingani na pasipoti. Tufanye nini?

Hili ndilo swali linalochelewesha watu kuliko yote, kwa hiyo tulipitie kwa mfano wa kubuni, hatua kwa hatua.

Tuseme bibi harusi ana cheti cha kuzaliwa kinachosema Mwanaisha Omari Saidi, alizaliwa tarehe 3 Julai 1994. Pasipoti yake inasema jina la ukoo SAIDI, majina mengine MWANAISHA OMARI. Mpaka hapo hakuna tatizo, ni majina yale yale yaliyopangwa upya. Anafunga ndoa ugenini, na karani anaandika Mwana Isha Saidi, alizaliwa tarehe 7 Machi 1994. Omari limeachwa, jina moja limekatwa kuwa mawili, na siku imebadilishana nafasi na mwezi. Wanafurahi, wanagonga apostili, wanatafsiri, wanapeleka nyumbani kuomba pasipoti mpya. Inarudishwa.

Wengi hapo hukimbilia kwa wakili kuandika hati ya kiapo kwamba Mwanaisha na Mwana Isha ni mtu mmoja. Inaweza kusaidia kwa jina, lakini haiwezi kusahihisha tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye rejesta ya nchi nyingine. Na ofisi ya nyumbani nayo haina mamlaka ya kugusa rejesta hiyo. Anayeweza kusahihisha ni ofisi ile ile iliyoandika.

Kwa hiyo anaanza kwa kutenganisha makosa ya karani na tofauti za asili. Kosa la karani ni lile ambalo hati aliyoonyeshwa siku ile ilikuwa sahihi: kukata jina, kuacha jina, kugeuza tarehe. Hapa yote matatu ni ya karani, kwa kuwa pasipoti aliyoonyeshwa ilikuwa sawa. Anaandika ombi la masahihisho kwa ofisi ya usajili ya huko, akiambatisha nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti iliyotumika siku ya ndoa, si mpya, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na kutafsiriwa. Makosa madogo ya namna hii mara nyingi hurekebishwa na msajili mwenyewe, ila kwingine lazima amri ya mahakama.

Rejesta ikisharekebishwa, anaomba nakala mpya. Ile ya zamani, pamoja na apostili yake na tafsiri yake, haina kazi tena. Apostili haihamishiki kutoka karatasi moja kwenda nyingine hata kama sahihi ni ya mtu yule yule. Nakala mpya inapata apostili mpya, halafu tafsiri mpya. Amelipa mara mbili. Dakika 5 za kusoma rasimu siku ya ndoa, herufi kwa herufi, pasipoti ikiwa wazi pembeni, zingeyaokoa yote hayo, kwani karani hurekebisha rasimu papo hapo kabla sahihi hazijatiwa.

Tofauti za asili ni habari nyingine. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Omari na pasipoti inasema Omar, kosa liko kwenye hati za nyumbani tangu kabla ya ndoa. Hizo zilinganishwe nyumbani kwanza, na hapo ndipo hati ya kiapo inapofaa. Herufi zenye alama nazo hubadilika: Müller kwenye mistari ya mashine chini ya pasipoti huwa MUELLER. Ofisa mzoefu analijua hilo, lakini mwonyeshe mistari hiyo mwenyewe, usisubiri ashangae.

Cheti hakionyeshi jina langu jipya la ndoa. Nitabadilishaje pasipoti?

Nchi nyingi haziandiki jina jipya kwenye cheti, zinaandika mlivyoitwa mlipofunga ndoa. Nyumbani cheti hicho kinakuwa ushahidi wa haki ya kubadili jina, na mabadiliko yenyewe yanafanywa kwa fomu ya pasipoti au kwa hati ya kubadili jina, kulingana na sheria ya huko. Mpaka pasipoti mpya itoke, tiketi, viza na kibali cha kazi vibaki kwenye jina la zamani. Ukikata tiketi kwa jina jipya huku pasipoti ikiwa ya zamani, hutapanda ndege, na cheti cha ndoa mkononi hakitakuokoa.

Tulifungia ndoa ubalozini. Je, ni rahisi zaidi?

Kwa nyumbani, ndiyo, kwa sababu ndoa inaingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu za nchi yako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unamruhusu konseli kufanya kazi za msajili, mradi sheria za nchi mwenyeji hazikatazi. Sharti hilo ndilo lenye uzito. Nchi mwenyeji nyingi hukataza kabisa, au hukubali tu pale wote wawili ni raia wa nchi yenye ubalozi. Mkifunga ndoa ubalozini bila kulichunguza hilo, mnaweza kuwa mume na mke nyumbani na wageni wawili wasiohusiana hapo mnapoishi, na ndipo kibali cha familia kinapokwama.

Kumbuka pia kwamba mkataba wa apostili hauhusu hati zinazotolewa na mabalozi na makonseli. Cheti cha ubalozini hakiwezi kugongwa apostili. Kikihitajika katika nchi ya tatu, kitathibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya nyumbani, au mtaomba dondoo kutoka rejesta ya nyumbani na hiyo ndiyo igongwe.

Ndoa ya dini peke yake, au ndoa iliyofungwa kwa video, inakubalika?

Ndoa ya dini inapimwa kwa kanuni ile ile ya mwanzo. Kama nchi mlikoifunga inaipa nguvu ya kisheria na inaiandikisha, nyumbani itapokelewa. Kama huko lazima ndoa ya serikali itangulie, kama Ufaransa, basi nikahi au misa peke yake haikuzaa ndoa kisheria, na nyumbani hakuna cha kutambua, hata kama ndoa ya aina hiyo ingekuwa halali kabisa kama ingefungiwa nyumbani. Inauma, kwa sababu wahusika wameishi kwa heshima kama mume na mke. Dawa yake ni kufunga ndoa ya serikali sasa, na tarehe ya kisheria itakuwa ya sasa.

Ndoa ya video ina ugumu wake. Jimbo la Utah, Marekani, hufungisha ndoa kwa njia ya mtandao watu wakiwa nchi nyingine, na Mahakama Kuu ya Israeli iliamua mwaka 2023 kwamba ndoa hizo ziandikishwe huko. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani yenyewe haimhesabu mtu kuwa mke au mume kama hawakuwa pamoja wakati wa kufunga, mpaka ndoa iwe imetimizwa kimwili baada ya hapo. Kama mmefunga kwa video, tunzeni ushahidi wa kukutana baada ya tarehe ya ndoa: mihuri ya kuingia nchini, tiketi, malazi. Picha za kabla ya tarehe hiyo hazisaidii.

Mmoja wetu aliwahi kuwa na ndoa nyingine. Kuna la ziada?

Lipo, na ni zito. Talaka ya zamani lazima iwe inatambuliwa na nchi inayopima uwezo wake wa kuoa tena. Mtu aliyeachika ugenini anaweza kuwa huru huko na bado akasomeka kama mwenye ndoa kwenye rejesta ya nyumbani, na hapo ndoa ya pili inagonga ukuta. Mpangilio ni talaka kwanza: hukumu yenye maelezo kwamba ni ya mwisho na haina rufaa, ithibitishwe, itafsiriwe, itambuliwe nyumbani, halafu ndipo cheti cha ndoa mpya kipelekwe. Talaka iliyotolewa kwa tamko bila mahakama huhitaji ushahidi wa ziada kwamba mke aliarifiwa. Kwa mjane au mgane, cheti cha kifo kinatosha, kikiwa na mihuri ile ile.

Ni lazima tuisajili ndoa nyumbani?

Kuna nchi ambazo usajili ni ushahidi tu: ndoa ipo, mnaisajili ili msibebe cheti cha kigeni kila mahali. Nyingine zinamtaka raia aripoti ndani ya muda maalumu. Raia wa Ufilipino hutakiwa kuripoti ubalozini ndani ya siku 30, na akichelewa hueleza sababu kwa hati ya kiapo. Raia wa Japani ana miezi 3. Kuchelewa kwa kawaida hakuifuti ndoa, lakini mpaka iandikwe, rejesta ya nyumbani inamwonyesha kuwa hajaoa, na hati ya kusajili mtoto au kudai mirathi inasubiri. Sajilini mkiwa bado mnaishi mlikofungia ndoa, kwa sababu kila karatasi mtakayoambiwa imepungua inapatikana huko.

Hatuna cheti kabisa. Ofisi iliungua, au tuliondoka kwa vita.

Hapo ndoa haijafa, ila ushahidi unajengwa upya. Kwanza ombeni barua rasmi kwamba ingizo halipatikani au rejesta imeharibika, kwa kuwa bila barua hiyo ofisa atadhani hamkutafuta. Kisha kusanyeni hati za zamani zinazowataja kama wanandoa kabla ya shida kuanza: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya hospitali, bima, fomu ya ajira. Hati iliyoandikwa miaka 10 iliyopita kwa shughuli nyingine ina uzito kuliko kiapo cha jana. Viapo vya mashahidi viwe vya watu waliohudhuria, kila mmoja akieleza mahali, tarehe, nani aliwafungisha na nani mwingine alikuwepo, kwa maneno yake mwenyewe. Viapo vitatu vyenye sentensi zile zile hutiliwa shaka mara moja.

Mkimbizi asiende kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia kutafuta cheti, kwa sababu kitendo hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa amejirudisha chini ya ulinzi wa nchi hiyo na kuhatarisha hadhi yake. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 25, unaitaka nchi aliyomo impatie, au isimamie apatiwe, hati ambazo kwa kawaida angepewa na nchi yake, na hati hizo zichukuliwe kuwa za kweli mpaka ithibitike vinginevyo. Kifungu cha 12 kinataka haki zake za awali zitokanazo na ndoa ziheshimiwe. Aandike ombi lake akivitaja vifungu hivyo kwa namba, na ahakikishe majina na tarehe ya ndoa ni zile zile alizozitaja kwenye mahojiano ya kwanza ya ukimbizi, kwa sababu faili hilo ndilo litakalofunguliwa kwanza.